Dada Kabeba Tuzo ya Taifa, na Sisi Ndo Tulimwambia "Hatuna Rekodi Yako"

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nakiri kosa langu mwenyewe, na majina sitaji hata moja. Mtakaojua mtajua, msiojua someni tu, kisa kinaeleweka hivyo hivyo.

Wote mliona juzi dada yetu wa huku ziwani akipanda stejini kuchukua tuzo ya taifa ya muziki. Lile gauni la bluu, kile kilio, ile hotuba fupi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mama yake, akamshukuru prodyuza wake wa Dar, akazishukuru redio mbili kubwa za mjini. Akashuka.

Sasa kabla sijaanza kuandika humu, nilikuwa najitolea kwenye redio yetu ya jamii, na mpaka leo bado naenda siku tatu kwa wiki. Ni redio ndogo tu. Vyumba viwili, mnara mmoja, mtambo wa wati 300. Lakini sisi ndo tulikuwa wa kwanza kupiga nyimbo zake, kabla hajajulikana hata kata ya pili. Kwa hiyo usiku ule grupu letu la wasapu liliwaka moto. "Ametusahau." "Mjini kunabadilisha watu." "Angejua angekuwa bado anauza dagaa." Na mimi nilitupia yangu mle, sitaki kujifanya malaika.

Asubuhi meneja wetu akanipigia. Ni mwalimu mstaafu, wote tunamwita Mwalimu. Akasema, "Binti, wewe ndiye mwandishi. Niandikie pongezi za redio, zisomwe leo kila baada ya taarifa ya habari. Ziwe na heshima, lakini zisemwe wazi kuwa sisi ndio tuliompiga kwanza. Weka na tarehe."

Nikamwambia sawa Mwalimu. Rasimu ya kwanza niliimaliza kwa dakika kumi. Ilikuwa na sentensi moja niliyoipenda sana, kwamba redio hii ndiyo iliyomtoa. Kikabaki kitu kimoja tu, tarehe. Nikakaa kwenye kompyuta ya studio, nikafungua folda la kumbukumbu za matangazo, nikaandika jina lake kwenye kutafuta.

Hakuna kitu. Sifuri.

Nikaandika jina lake la ukoo. Sifuri. Nikaandika jina la wimbo. Sifuri. Kwa mujibu wa kompyuta yetu, redio iliyomtoa msanii huyu haijawahi kumpiga hata siku moja.

Hapo ndo nikakumbuka kitu kikanikata tumbo. Lakini ngoja, nianzie mwanzo, la sivyo hamtanielewa.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Julai 2021. Mimi nina mwaka wa tatu tangu nimalize kidato cha nne, matokeo sitaki tuyaongelee, na kazi yangu redioni ilikuwa kupokea nyimbo za wasanii wa huku na kuziingiza kwenye kompyuta. Akaja dada mmoja kavaa kanga ya biashara, kiganjani bado kuna magamba ya dagaa. Hakuwa na flashi. Akasema wimbo uko kwenye simu, nikampa namba yangu, akanitumia kwa wasapu palepale mlangoni.

Nikausikiliza kwenye hedifoni. Sauti yake ilikuwa nzuri, na mwanzoni kulikuwa na gitaa moja la kizamani, lile la vidole, linatembea taratibu kama mtu anayepiga kasia. Nikamuuliza nani kapiga. Akasema ni mzee mmoja wa mwaloni kwao, na kwamba hata mdundo wenyewe ni wa mzee, yeye aliweka maneno tu. Nikasema safi dada, tutaupiga. Akaondoka.

Sasa mtu akikutumia wimbo kwa wasapu kama sauti ya kawaida, simu yako inaupa jina jipya. Halibaki jina la msanii, linabaki tarehe na namba. Wimbo ule kwenye simu yangu ulikuwa unaitwa `AUD-20210702-WA0011.mp3`. Ningebadilisha jina, ni kazi ya nusu dakika. Sikubadilisha. Niliuvuta hivyohivyo nikautupa kwenye folda tuliloliita KUJAZIA.

KUJAZIA ni nini? Redio ndogo haina mtangazaji usiku mzima. Kuanzia saa nne usiku tunaiachia kompyuta, inachagua yenyewe nyimbo kutoka kwenye folda hilo mpaka asubuhi. Ni sehemu ya kuweka nyimbo ambazo hujaamua kama unazipenda. Kwa lugha ya redioni, niliupeleka wimbo wa dada makaburini. Na mwaka 2021 hakukuwa na cha kuota sana, maana tuzo zetu za muziki zilikuwa zimelala tangu 2015, zikaja kufufuka 2022 chini ya BASATA. Hakuna aliyekuwa anawaza tuzo. Tulikuwa tunawaza kujaza usiku.

Basi bwana, wiki ya pili nikaanza kuona meseji.

Redio yetu ina laini ya meseji, na tunaziandika kwenye kaunta buku: tarehe, saa, mtu kasema nini. Kwa kawaida usiku wa manane hakuna kitu. Lakini usiku wa tarehe 9, 10 na 11 Julai zikaingia meseji kumi na nne, zote kati ya saa tano na saa saba usiku. Moja ilisema, "Rudieni ule wimbo wa taa." Nyingine, "Huyo dada ni nani, tuko kumi humu kwenye mtumbwi tunabishana." Wote walikuwa majini.

Nikadhani ni rafiki zake kawapanga. Halafu kuanzia kama tarehe 20 zikakatika. Tarehe 23, 24, 25 ikaja meseji moja tu, tena ya mtu anauliza bei ya mahindi. Nikasema enhe, rafiki zake wamechoka.

Aliyenifungua macho ni fundi mitambo wetu, yeye kazaliwa mwaloni. Akaniuliza, "We unajua tarehe 10 ilikuwa nini?" Nikamwambia Jumamosi. Akacheka. "Ilikuwa giza. Hakuna mwezi."

Kwa nyie wa mjini: dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri au sola. Unaziweka taa juu ya maji, wadudu wanafuata mwanga, dagaa wanafuata wadudu, wewe unasubiri wajae ndipo uvute nyavu. Lakini mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa yako haina kazi, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo wavuvi wanaingia majini siku za giza, na mwezi ukijaa wanalala nyumbani, wanashona nyavu. Tarehe 10 Julai mwezi ulikuwa haupo. Tarehe 24 ulikuwa umejaa.

Na ule muda wa kusubiri, taa ziko majini na hakuna cha kufanya, watu wanafungua redio. Kwenye maji hakuna kilima wala ukuta wa kuzuia mawimbi yetu, kwa hiyo wati 300 ambazo mjini zinapotea nyuma ya mlima mmoja, ziwani zinafika mbali. Saa tano usiku, saa tuliyoiita makaburi, kumbe kwenye giza la mwezi ndo saa yetu yenye wasikilizaji wengi kuliko zote. Tulikuwa hatujui. Wimbo wa dada ulitufundisha ratiba yetu wenyewe.

Hapo nikawa bado sijamaliza makosa. Mwishoni mwa Julai dada akarudi, safari hii na yule mzee wa gitaa. Mzee kavaa kofia, kanyamaza. Dada akasema, "Mdogo wangu, babu anauliza, mbona mmelikata gitaa lake?"

Nikamwambia hatujakata kitu, bibi wa watu. Nikampa mzee hedifoni, akasikiliza, akatingisha kichwa kwamba lipo. Halafu akatoa kwenye koti kiredio chake kidogo cha spika moja, akasema kwa sauti ya chini, "Humu halipo." Tukaupiga wimbo hewani mchana uleule. Kweli. Sauti ya dada ipo, ngoma ipo, gitaa limeyeyuka. Linasikika kwa mbali kama liko nyumba ya jirani.

Fundi akaja, akabonyeza kitufe kimoja cha mono kwenye miksa, gitaa likafa hata kwenye spika zetu kubwa. Akasema nimeshalijua tatizo.

Nitaeleza kama alivyonieleza. Wimbo wa stirio una sauti mbili, ya kulia na ya kushoto. Sisi tunarusha kwa mono, yaani tunazijumlisha mbili ziwe moja, kwa sababu mtambo ukiwa mdogo mono inafika mbali bila kukwaruza. Na hata kama tungerusha stirio, kiredio cha mtumbwini kina spika moja, kinajumlisha vilevile. Sasa prodyuza alirekodi gitaa kwa maiki moja, likaonekana jembamba, akaliwekea madoido ya kulitanua. Madoido yale yanachukua gitaa lilelile, upande mmoja yanaliacha, upande wa pili yanaligeuza kinyume. Kwenye hedifoni unasikia limejaa kila sikio. Lakini ukizijumlisha pande mbili, ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanasukuma mlango mmoja, mmoja yuko ndani mwingine nje. Mlango hauendi popote. Gitaa linajiua lenyewe. Sauti ya dada ilipona kwa sababu yenyewe ilikuwa katikati, sawa pande zote.

Wasanii mnaosoma humu, hii mnaweza kuipima bila studio. Kwenye simu nyingi, ukiingia kwenye mipangilio ya usaidizi, kuna sehemu imeandikwa `Mono audio`. Iwashe, sikiliza wimbo wako. Kikipotea chombo chochote, usiupeleke redioni. Rudi kwa prodyuza.

Dada alirudi kwa prodyuza. Prodyuza wa hapa mjini, siyo huyu wa Dar, akawaka kwamba wimbo uko fiti, redio yetu ndo mbovu. Ikabidi dada alipe elfu kumi na tano nyingine ndipo jamaa atoe yale madoido na kuliweka gitaa katikati. Hela ya debe zima la dagaa, kwa kosa ambalo si lake. Tarehe 6 Agosti akanitumia toleo jipya, kwa wasapu tena, na mimi kwa uvivu uleule nikaliingiza kama lilivyo: `AUD-20210806-WA0003.mp3`. Giza la mwezi lilikuwa tarehe 8. Usiku ule kaunta buku lilijaa kurasa mbili. Meseji moja nimeikariri: "Leo gitaa limekuja kazini."

Kuanzia hapo wimbo ukapata miguu. Wavuvi wakaupeleka mwalo mmoja hadi mwingine, wakaujua visiwani, mtu wa Mwanza akausikia kwenye meli, mwaka uliofuata dada akaitwa studio ya Dar. Tuzo yenyewe aliyopata juzi siyo ya wimbo huo wa kwanza, ni ya kazi mpya. Ila kama mlisikiliza vizuri pale stejini, bendi ilianza na lile gitaa.

Sasa turudi asubuhi ya juzi, nimekaa mbele ya kompyuta inayosema sifuri.

Nilichokumbuka ni hiki. Machi 2023 dada alikuja redioni. Hakuja na kelele, alikuwa ameshaanza kujulikana kidogo. Akaomba barua. Alitaka redio ithibitishe kwamba tumeupiga wimbo wake, tarehe zipi na mara ngapi, kwa sababu alikuwa anashughulikia mambo ya mirabaha na alitaka mzee aandikwe kama mtunzi wa muziki, yeye aandikwe mtunzi wa maneno na mwimbaji. Aliyekuwa zamu siku ile ni mimi. Nikakaa kwenye kompyuta hiihii, nikaandika jina lake, ikaja sifuri. Nikamwambia, "Dada, samahani, hatuna rekodi yako." Akaniangalia kidogo. Akasema, "Hamna hata mara moja?" Nikasema kompyuta inasema hamna. Akasema haya, akaondoka.

Mtu alitoka kwao na nauli yake kuja kwenye redio iliyompiga kwanza, akaambiwa haijawahi kumpiga. Halafu sisi tunakaa kwenye grupu tunaandika "ametusahau". Angetushukuru kwa lipi? Kwa mujibu wa maneno yangu mwenyewe, hakukuwa na cha kushukuru.

Nikafuta ile rasimu. Nikamfuata Mwalimu ofisini nikamwambia ukweli wote. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, halafu akasema, "Pongezi zinaweza kusubiri mpaka jioni. Hesabu haiwezi. Kahesabu."

Jinsi nilivyohesabu ni hivi, na redio nyingine ndogo mnaweza kuiga. Programu yetu inaandika kila siku faili moja la maandishi: saa, na jina la faili la wimbo lililopigwa. Haijui msanii, inajua jina la faili tu. Yaani mstari wa kwanza kabisa wa wimbo wa dada unaonekana hivi:

```
23:21:08  AUD-20210702-WA0011.mp3
```

Saa tano na dakika ishirini na moja usiku. Huyo ndiye mshindi wa tuzo ya taifa. Kwenye kumbukumbu zetu anaitwa AUD.

Nikaenda kwenye folda la KUJAZIA, nikafungua kila faili lenye jina la AUD, moja moja, nikasikiliza. La dada likajitambulisha lenyewe, dakika nne na sekunde kumi na mbili, gitaa limetanuka. Kisha la pili, lile lililorekebishwa. Nikatafuta majina hayo mawili kwenye mafaili ya siku zote. La kwanza, mara 19, zote Julai na mwanzo wa Agosti. La pili, mara 148, mpaka Februari 2022.

Halafu ghafla kimya. Nikajua kwa nini. Februari ile kompyuta ya zamani ilikufa, na kumbukumbu kuanzia hapo mpaka Juni 2022 hazipo kabisa, kwa sababu zilikuwa zinaandikwa kwenye daftari ambalo hakuna aliyelijaza. Hiyo miezi nimeiacha wazi. Fundi alisema tukadirie, nikakataa. Orodha ikiwa na namba moja ya kubuni, atakayeikagua ana haki ya kuitupa yote.

Kwenye kompyuta mpya wimbo ulikuwepo lakini siyo kwa jina la AUD. Hapo nilikwama saa nzima. Nikafungua kaunta buku la meseji, nikaona wavuvi wanavyouita, nikaandika "taa" kwenye kutafuta. Ukaja: `wimbo wa taa.mp3`. Kuna mtu alibadilisha jina kwa wema tu, akaweka jina la mtaani. Mara 62. Jumla 229.

Mara 229 ambazo Machi 2023 nilisema ni sifuri. Na ningeipata sehemu yake siku ileile kama ningemuuliza dada swali moja tu: "Huko majini wanauitaje?"

Kuna ambazo hazitapatikana kamwe. Kwenye vipindi vya mchana vya salamu, watangazaji walikuwa wanaupiga kutoka kwenye simu zao, wanaunganisha waya kwenye miksa. Wimbo ukipigwa hivyo kompyuta haiuoni. Watu mjini waliusikia, sisi tuliufurahia, lakini kwenye karatasi haukupigwa.

Kwa nini nahangaika na karatasi? Kwa sababu Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya tangu 1999, na kuna COSOTA inayosimamia mambo hayo. Mtunzi ana haki yake kazi ikitumika redioni, na mwimbaji ana yake. Lakini anayegawa mirabaha hawezi kugawa kwa kumbukumbu za moyoni. Anaangalia wimbo umesajiliwa kwa majina ya nani na umepigwa wapi. Ukiandikwa AUD, hela ya AUD haina mwenyewe. Sisemi kwamba mara 229 za redio ya wati 300 zitamjengea mtu nyumba. Fundi alisema inaweza isifike hata nauli ya kuifuata. Lakini dada ana tuzo, jina lake limeshaandikwa. Mzee wa gitaa hana tuzo wala stejini. Yupo bado mwaloni, vidole vimeanza kukataa nyuzi. Safu ile ya "mtunzi wa muziki" kwenye orodha yetu ndo sehemu pekee ambayo jina lake lingeweza kuandikwa na redio.

Saa kumi jioni nikampigia dada. Nilitegemea simu itapokelewa na meneja wake, akapokea mwenyewe. Nikamwamkia, nikampa hongera, halafu nikamwambia mimi ni yule binti wa redio wa siku ile. Akasema, "Nakukumbuka, mdogo wangu." Nikamweleza AUD, nikamweleza 19, na 148, na 62. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha.

Akasema, "Mimi nilijua mlinipiga. Nilikuwa nakusikia nikiwa juu ya maji na kaka zangu. Ulivyoniambia hamna, nikasema basi, labda mmeona sifai kuandikwa."

Nikamwambia nisamehe dada. Akasema yameisha. Halafu akauliza kitu kimoja tu: "Babu mmemwandika?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamsomea kwa herufi, akanirekebisha jina la pili, nilikuwa nimelikosea.

Pongezi zilisomwa usiku uleule. Mwalimu alitaka ziende baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, nikamwomba zirudiwe na saa tano na dakika ishirini na moja, na bahati nzuri mwezi ulikuwa haupo. Nilizisoma mwenyewe. Zilikuwa fupi:

"Redio yako ya jamii inampongeza dada yetu kwa tuzo ya taifa. Wimbo wake wa kwanza ulisikika hapa Julai 2021, saa tano na dakika ishirini na moja usiku. Hatukuupa saa nzuri, wavuvi ndio waliojua kuwa saa ile ni nzuri. Muziki wake ulitungwa na mzee wa gitaa wa mwaloni kwao. Kwa kumbukumbu tulizonazo tumeupiga mara 229, na Machi 2023 tulimwambia hatujaupiga. Tulikosea. Orodha yenye muhuri wetu iko tayari, nakala mbili, yake na ya mzee. Hongera sana dada. Hongera mzee."

Kuna wafanyakazi wenzangu wawili hawakupenda. Wanasema pongezi siyo mahali pa kujianika, tungemsifu tu tukaomba naye atutaje siku nyingine. Nawaelewa. Lakini nadhani ungekuwa wewe ndo umepigwa mara 229 halafu umeambiwa sifuri, pongezi ya aina gani ungeiamini?

Siku hizi wimbo hauingii kwenye kompyuta yetu mpaka faili liitwe hivi: msanii, wimbo, mtunzi. Msanii akitutumia kwa wasapu tunamwomba atume kama hati, siyo kama sauti, jina linabaki lilelile alilolipa. Na folda la KUJAZIA nimelibadilisha jina. Linaitwa GIZA, na tunaliangalia kila mwezi unapoanza kupungua.

Baada ya kusoma pongezi niliupiga wimbo, toleo lenye gitaa. Nikakaa na kaunta buku. Meseji ya kwanza iliingia saa tano na dakika ishirini na saba, kutoka namba nisiyoijua. Ilisema: "Mzee yuko hapa ufukweni kwetu amesikia jina lake. Anasema rudieni."

Tukarudia. Ikawa ya 231.